Uchovu wa baada ya malaria na uchovu wa baada ya virusi: jinsi ya kuutambua, kurudi kazini na kuchagua chakula

Homa imeshuka, dozi imeisha, watu wa nyumbani wameshakuhesabu mzima, lakini ukipanda ngazi moyo unadunda na sahani ya wali inakuchosha kabla hujaigusa. Hali hii huwapata waliotoka kwenye malaria, na huwapata pia waliotoka kwenye homa za virusi kama dengi, mafua makali au UVIKO-19. Kwa kuwatazama tu huwezi kuwatofautisha, ndiyo maana wote hupewa ushauri uleule: pumzika, kula vizuri, kunywa juisi ya kuongeza damu. Lakini uchovu huu wa aina mbili una vyanzo tofauti, na anayefuata njia ya mwenzake hujirudisha kitandani au hujichelewesha kazini bila sababu. Hapa tunaziweka aina hizo mbili bega kwa bega, tukimzungumzia mtu mzima ambaye tayari ametibiwa.

| Cha kuangalia | Baada ya malaria | Baada ya homa ya virusi |
|---|---|---|
| Chanzo kikubwa cha uchovu | Wekundu wa damu umeshuka | Kinga ya mwili bado haijatulia, misuli imepungua nguvu |
| Uchovu unapokuja | Palepale, ukiwa kwenye kazi | Mara nyingi siku inayofuata, hata ya pili |
| Kipimo chenye faida | Wekundu wa damu | Hesabu kamili ya damu mara moja, kisha daftari la kila siku |
| Kuongeza kazi | Kila baada ya siku 3 au 4, pumzi ikiruhusu | Kila baada ya wiki moja bila uchovu kukurudisha kitandani |
| Chakula cha kukipa kipaumbele | Protini na madini ya chuma | Nguvu nyingi ndani ya kikombe kidogo |

Kwa nini malaria inaacha uchovu

Vimelea vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Bandama nalo, likiwa kwenye kazi ya kusafisha, huondoa chembe nyingi ambazo hata hazikuwa na kimelea. Wakati huohuo uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe mpya, unakuwa umezubaishwa na ugonjwa. Matokeo yake ni kwamba wekundu wa damu huendelea kushuka kwa siku kadhaa hata baada ya kuanza dawa, na mara nyingi hufika chini kabisa karibu na siku ya saba. Kuanzia hapo hupanda wenyewe, na wengi hurudi kwenye kiwango chao ndani ya wiki 4 hadi 6.

Hili la siku ya saba linawachanganya wengi. Mtu anamaliza dawa mseto siku ya tatu, homa haipo, halafu siku ya sita au ya saba anajisikia mchovu kuliko siku ya nne. Anadhani malaria imerudi, anaenda duka la dawa, anapimwa kwa kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, na kipimo kinasema ndiyo. Anapewa dozi nyingine. Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa. Kwa aliyetibiwa ndani ya mwezi mmoja uliopita, kipimo hicho hakiwezi kumwambia kama amepona. Kipimo kinachofaa ni cha hadubini, kinachoonyesha kama kuna vimelea hai. Homa ikirudi ndani ya siku 28, hapo ndipo pa kwenda kudai hadubini. Uchovu peke yake, bila homa, unahitaji kupimwa wekundu wa damu.

Kwa mwanamume mtu mzima wekundu wa damu unapaswa kuwa gramu 13 kwa desilita au zaidi, kwa mwanamke 12, na kwa mjamzito 11. Ukiwa chini ya 8 huo ni upungufu mkubwa na hautibiwi kwa chakula nyumbani.

Kuna kundi moja linalopaswa kuwa makini zaidi: waliolazwa kwa malaria kali na kuchomwa sindano za atesuneti. Baadhi yao, wiki moja hadi nne baada ya matibabu, chembe nyekundu hupasuka tena bila malaria kurudi. Sindano hiyo inaokoa maisha na haina mbadala wa kuifikia, hivyo hili si sababu ya kuikataa. Ni sababu ya kurudi kupima wekundu wa damu kila wiki kwa wiki 4, hata ukijiona mzima. Mkojo ukiwa wa rangi ya soda nyeusi, macho yakiwa ya manjano, au viganja vikipauka ghafla, usisubiri siku ya miadi.

Kwa nini virusi vinaacha uchovu

Huku damu mara nyingi iko sawa. Virusi wengi hawaishi ndani ya chembe nyekundu. Kinachokuchosha ni mwili ambao kinga yake ilipandishwa juu sana na bado haijateremka, misuli iliyopungua kwa siku za kulala bila kula, na usingizi ulioharibika. Kwa wengi hali hii hukaa wiki 2 hadi 4. Baada ya dengi na UVIKO-19 inaweza kwenda miezi, na hapo mara nyingi huja na ukungu wa akili: unasoma ujumbe mara mbili ndipo uuelewe.

Alama yake kubwa ni kuchelewa. Mtu wa malaria akibeba ndoo ya maji anahema palepale, anaketi, na baada ya robo saa yuko sawa. Mtu wa virusi anaweza kubeba ndoo, akafua, akapika, akajisifu kwamba amepona, halafu kesho yake au kesho kutwa akaamka mwili unauma na kichwa kizito kama ugonjwa umeanza upya. Pengo hilo ni la saa 12 hadi 48, na ndilo linalowafanya watu wasione uhusiano kati ya kazi ya Jumamosi na kitanda cha Jumatatu.

Njia rahisi ya kutofautisha ukiwa nyumbani ni kupanda ngazi za ghorofa moja, au kutembea mwendo wa haraka kwa dakika tatu, huku ukiongea. Pumzi ikikatika na moyo ukadunda masikioni palepale, fikiria damu. Ukimaliza vizuri lakini uchovu ukakuangusha kitandani siku inayofuata, fikiria virusi. Usifanye jaribio hili kama bado una homa, maumivu ya kifua, au kizunguzungu ukisimama.

Mambo mawili yanaweza kuvuruga mgawanyo huu. La kwanza, dengi inaweza kumtoa mtu damu, kwa fizi, pua, choo au hedhi nzito, na hivyo kumwachia uchovu wa aina zote mbili. Kwa hiyo hata aliyeugua virusi apime hesabu kamili ya damu angalau mara moja. La pili, wapo waliotibiwa malaria bila kuwa na malaria, hasa nyakati za mlipuko kama ule wa dengi uliopiga Dar es Salaam mwaka 2014 na mwingine wa 2019. Kama ulimeza dawa mseto kwa dhana tu, bila kipimo, ufuate upande ambao mwili wako unauonyesha, usifuate jina la dawa uliyopewa.

Kurudi kazini: mifano miwili

Tuchukue fundi mwashi wa kilo 60 aliyemaliza dozi ya malaria. Siku ya saba amepima wekundu wa damu na kukuta 9.4. Hana homa, anakula kidogo. Huyu kizuizi chake ni oksijeni: damu yake haibebi ya kutosha kwa misuli inayofanya kazi kubwa. Akiwa ametulia yupo salama, akinyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50 anaweza kuanguka.

Wiki ya kwanza baada ya dozi anatembea dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni kabla jua halijakaza na baada ya kupoa, na kazi zake ni za kukaa. Wiki ya pili anafika dakika 20 hadi 30 kwa mkupuo mmoja, na anaweza kwenda saiti kupima, kusimamia na kupiga lipu za chini, asubuhi tu. Wiki ya tatu anafanya nusu siku kamili, lakini kubeba zege na kupanda jukwaa bado, kwa sababu kizunguzungu cha upungufu wa damu humjia mtu anaposimama ghafla, na juu ya jukwaa hakuna nafasi ya pili. Kila anapoongeza, kanuni yake ni moja: awe anaweza kutamka sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati. Akiweza kwa siku 3 au 4 mfululizo, anaongeza. Asipoweza, anabaki hapohapo, hana haja ya kurudi nyuma sana.

Mwisho wa wiki ya nne anapima tena. Kama amefika 11.8, mwendo ni mzuri na wiki mbili zijazo anaweza kuanza mizigo. Kama yuko palepale kwenye 9.4, hapo kuna jambo lingine: minyoo ya safura, kutoka damu mahali, upungufu wa madini ya chuma aliokuwa nao hata kabla ya malaria, selimundu, au vimelea ambavyo havikuisha. Kuendelea kunywa juisi kwa mwezi mwingine hakutamsaidia.

Jambo moja linasahaulika sana upande huu. Malaria hulivimbisha bandama, na bandama lililovimba linaweza kupasuka likigongwa. Kama daktari alilipapasa akasema limekua, au unasikia uzito chini ya mbavu za kushoto, acha mpira wa miguu, ngumi na kubebea mizigo tumboni kwa wiki kadhaa, mpaka likaguliwe tena. Maumivu makali ya ghafla upande huo, hasa yakipanda hadi bega la kushoto, ni ya kukimbizwa hospitali.

Sasa tuchukue mwalimu wa chekechea aliyetoka kwenye dengi. Siku ya 12 tangu homa ianze, wekundu wake wa damu ni 12.6 na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimerudi kiwango cha kawaida. Kwa vipimo ni mzima. Akipewa ratiba ya fundi ataipenda, kwa sababu pumzi anayo, na itamwangusha.

Yeye aanze na daftari. Kwa siku tatu aandike alichofanya, kwa dakika ngapi, na kesho yake ameamkaje, kwa alama kuanzia 0 hadi 10. Baada ya siku tatu ataona kiwango ambacho hakimrudishi kitandani. Tuseme anaweza kusimama na kufanya kazi za nyumbani kwa jumla ya saa 2 kwa siku. Hicho ndicho kipimo chake, na asikimalize chote: afanye saa 1 na nusu hivi, akiigawa vipande vya dakika 20 hadi 30 vyenye mapumziko ya robo saa katikati. Apumzike kabla ya kuchoka. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa kuwa mtu aliyezoea kumaliza kazi haachi vyombo nusu. Lakini anayesubiri mwili umwambie acha, amekwisha kupitiliza, maana mwili wake unatoa taarifa ikiwa imechelewa siku nzima.

Akikaa kwenye kiwango hicho wiki nzima bila kuanguka, anaongeza sehemu moja ya kumi au mbili za kumi. Saa 1 na nusu inakuwa saa 1 na dakika 45, haiwi saa 3. Kazi ya akili, kelele na kusimama vinahesabiwa pia. Darasa la watoto 40 kwa saa moja linamla kuliko kupika, kwa hiyo akirudi shuleni aombe vipindi viwili vya asubuhi kwanza, akae kwenye kiti wakati wa kufundisha, na siku hiyo asifue. Siku nzuri isimdanganye: wengi huanguka kwa kufanya madeni yote ya wiki siku moja waliyoamka na nguvu. Akianguka, anarudi kwenye kiwango cha wiki iliyopita, asijifungie kitandani siku tano nzima, kwa sababu kulala muda mrefu kunaendelea kupunguza misuli.

Mapigo ya moyo yanaweza kumsaidia. Ukiamka, kabla ya kutoka kitandani, hesabu mapigo ya mkononi kwa dakika nzima. Ukishajua ya kawaida yako, siku yanapozidi kwa 10 au zaidi ifanye kuwa siku nyepesi.

Mafua makali na UVIKO-19 vina tahadhari yake: virusi hivi vinaweza kuuvimbisha msuli wa moyo. Kwa hiyo usikimbie wala kunyanyua vyuma ukiwa na homa, na subiri upitishe siku 7 bila dalili kabla ya mazoezi mazito. Maumivu ya kifua, moyo kupiga ovyo, au kuzimia wakati wa mazoezi ni mambo ya kupimwa moyo kabla ya kuendelea.

Hamu ya kula

Hapa wote wawili wanafanana mwanzoni. Kemikali za kinga zinazopandisha homa ndizo zinazozima njaa kwenye ubongo, na huchukua siku kadhaa kupungua. Mgonjwa wa malaria ana nyongeza ya dawa: mseto huweza kumletea kichefuchefu, na kwinini huacha uchungu mdomoni. Wa virusi anaweza kupoteza harufu, na chakula kisicho na harufu ni kama kutafuna karatasi. Kwa huyu wa pili ukali wa ndimu, ukwaju, tangawizi na mtindi husaidia, kwa kuwa uchachu na ukali vinasikika hata pua ikiwa haifanyi kazi. Chakula cha vuguvugu au baridi humkinaisha kidogo kuliko cha moto.

Kosa la kawaida ni kumwekea sahani ya mtu mzima mara tatu kwa siku na kumsihi. Tumbo la mtu ambaye hakula vizuri kwa wiki nzima hujaa haraka. Mpe mara tano au sita, kidogo kidogo, na maji au chai vitangulie au vifuate kwa nusu saa, visije vikachukua nafasi ya chakula.

Swali linalobaki ni kikombe hicho kidogo kiwe na nini. Vitatu vinavyopendwa ni supu, juisi nyekundu na uji, na havilingani hata kidogo.

Supu ya mifupa iliyochujwa ni maji, chumvi na mafuta machache. Inamfaa aliyetapika au kutoka jasho jingi, na inaamsha hamu ikinywewa kidogo kabla ya mlo. Lakini bakuli kubwa la mchuzi mtupu humjaza mgonjwa na kumwacha bila protini ya maana, kwa sababu protini iko kwenye nyama iliyobaki chunguni, ambayo mara nyingi huliwa na waliomuuguza. Kama ni supu, basi nyama ichambuliwe laini na irudishwe ndani.

Juisi nyekundu za bitiruti na rosela zina sifa kubwa ya kuongeza damu. Bitiruti ya gramu 100 ina chini ya miligramu 1 ya madini ya chuma, na wekundu wake hauhusiani na wekundu wa damu. Rosela kazi yake ya kweli ni uchachu na vitamini C, vinavyosaidia mwili kuyavuta madini ya chuma yaliyo kwenye chakula kingine. Kwa hiyo nusu glasi pamoja na mlo wa dagaa au maharage ina faida, na jagi zima bila mlo ni sukari na maji.

Dripu tuitaje pia, maana wapo wanaolipia kutundikiwa "maji ya nguvu". Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, karibu vijiko 6 vya chai. Anayeweza kumeza hana sababu ya kuchomwa sindano kwa ajili ya sukari ya kikombe kimoja kitamu.

Uji ndio unaoshinda, kwa sharti la namna unavyopikwa. Uji wa kunyweka wa kawaida una vijiko 2 vya chakula vya unga kwa kikombe cha robo lita, na hautoi zaidi ya kalori 80. Ukiongeza unga unakuwa mzito, mgonjwa anashindwa kuumeza. Kimea kinatatua hilo. Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, uufunge kwenye kitambaa kibichi siku 2 hadi 3 huku ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni, mpaka vichipukizi vifikie urefu wa nusu sentimita hivi au zaidi kidogo. Ukionyesha ukungu au harufu ya uvundo, tupa. Anika juani ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, peta, saga. Tunapendekeza ulezi kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu ya aina ya sayanidi, na asiye mzoefu anaweza asiviondoe vyote.

Sasa pika uji mzito kwa vijiko 5 au 6 vya unga kwa kikombe, uive vizuri hadi ukaribie ugali laini. Epua, uache upoe mpaka uweze kuchovya kidole na kukitoa haraka bila kuungua. Tia kijiko kimoja cha kimea, koroga, subiri dakika 5 hadi 10. Utauona unalegea mbele ya macho yako mpaka unamwagika kama uji wa kawaida, ingawa una unga mara mbili na zaidi. Kisha urudishe jikoni uchemke dakika chache, kwa sababu kimea kibichi hubeba vijidudu. Kosa linaloharibu kazi yote ni kutia kimea uji ukiwa bado unatokota: kimeng'enya kinachoulainisha kinakufa kwa joto hilo, na uji unabaki mzito vilevile. Ukitumia maziwa kwa nusu ya maji, ukaongeza kijiko cha chakula cha siagi ya karanga na vijiko viwili vya chai vya sukari, kikombe hicho kinafika kalori 380 hivi na protini gramu 12. Karanga ziwe safi, zisizo na ukungu, na zisagwe peke yake muda mfupi kabla ya kutumika, maana zikichanganywa na unga wa miezi miwili zinachacha.

Siku moja ya kula, na damu inarudi kwa nini

Mtu wa kilo 60 anayejenga mwili baada ya ugonjwa alenge gramu 70 hivi za protini kwa siku. Fundi wetu anaweza kufika bila kununua kitu cha ajabu: kikombe cha uji huo na yai moja asubuhi, kikombe cha mtindi saa nne, ugali mdogo na kiganja cha dagaa wakavu wenye matembele na ndimu mchana, ndizi mbivu alasiri, wali na kikombe cha maharage yaliyoiva usiku, na maziwa kabla ya kulala. Mwalimu afuate ratiba hiyohiyo, lakini kama kupika kunamla nguvu, uji na mtindi vitangulie na vingine apikiwe.

Tofauti yao inakuja kwenye madini ya chuma. Mwalimu mwenye 12.6 hana haja ya vidonge vya kuongeza damu; vitamfunga choo bure. Fundi anavihitaji pengine, lakini hata kwake kuna jambo la kujua: wakati wa homa mwili hufunga mlango wa utumbo usipitishe madini ya chuma, na yale yaliyotoka kwenye chembe zilizopasuka hutumika tena kutengeneza mpya. Ndiyo maana kukimbilia vidonge siku ya kwanza ya homa hakuleti kitu kikubwa, na ndiyo maana mwenye akiba nzuri hupona bila vidonge. Kwa 9.4, aongee na daktari kuhusu kuvianza homa ikishatulia. Vikifanya kazi, wekundu wa damu hupanda kama gramu 2 ndani ya wiki 3 hadi 4, na choo kuwa cheusi ni kawaida.

Kwa chakula, maini na dagaa viko mbele ya mboga. Madini ya chuma ya nyama huvutwa kwa wingi zaidi kuliko ya majani, hivyo gramu 60 za maini mara moja au mbili kwa wiki zinafanya kazi ambayo rundo la mchicha peke yake haliwezi. Mjamzito asile maini mara kwa mara kwa sababu ya vitamini A nyingi mno. Mjamzito pia asijinunulie foliki asidi ya miligramu 5, kwani hupunguza nguvu ya dawa ya SP anayopewa kliniki kumkinga na malaria. Kidonge cha kliniki kina kiasi kidogo kinachofaa. Na chai ya rangi, anayependa asiiache, ila aitenge na mlo kwa saa moja au mbili: ikinywewa na maharage inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya madini yaliyomo.

Watoto hawafuati hesabu hizi. Kwao kanuni ni mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki 2 baada ya kuugua, na aliyepauka viganja arudishwe kituoni, asinunuliwe dawa ya maji ya kuongeza damu mtaani.

Uchovu usiokuwa wa malaria wala wa virusi

Wiki 6 zikipita na hujasogea, au unarudi nyuma, acha kuulaumu ugonjwa wa mwezi uliopita. Kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku na nguo zinazolegea ni vya kupimwa kifua kikuu. Kiu na kukojoa sana ni vya kupima sukari. Macho ya manjano yanahitaji ini kuangaliwa, mwanamke aliyekosa hedhi apime ujauzito, na asiyejua hali yake ya VVU apime, kwa kuwa homa zinazojirudia na kukosa hamu ya kula ni miongoni mwa mambo yanayowaleta watu kituoni wakiwa wamechelewa. Ukienda, nenda na tarehe ya homa ya kwanza, majina ya dawa ulizomeza, majibu ya vipimo na lile daftari. Daktari akiona siku za kuanguka zimeandikwa, hataanza kukuuliza upya wala kukurudishia dozi ya malaria kwa kubahatisha.